Mada ya Moli: Utajuaje Umeiva vya Kutosha Kufunga Daftari na Kusonga Mbele

Kila mwaka ikifika Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza na watoto wanakuja tuisheni ya jioni wamejifunga mablanketi juu ya masweta, naulizwa swali lile lile. "Mwalimu, moli nimeisoma wiki ya tatu sasa. Niendelee au bado?" Anayeuliza ni wa kidato cha nne, mtihani ni Novemba, na mbele yake kuna mada tano au sita hajazigusa. Nikimpa maswali anayapata mengi. Nikimwambia avuke, anatikisa kichwa: "Bado sijaielewa vizuri."

Naandika mwongozo huu kwa sababu niliwahi kuwa huyo. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikaa kwenye moli karibu muhula mzima. Kila nilipotaka kufungua mada inayofuata nilihisi kuna kitu sijakishika, nikarudi ukurasa wa kwanza. Nikaingia chumba cha mtihani sijafungua kabisa elektrolisisi, na swali la elektrolisisi likaja. Moli nilizijibu, lakini swali lile niliacha ukurasa mtupu.

Nitatumia mada hiyo hiyo moja ya Kemia mwanzo hadi mwisho, maana ndiyo inayokwamisha wengi. Mada nyingine nitazigusa kidogo tu.

Kabla hujaanza uwe na vitu hivi

Daftari jipya dogo, lile la kurasa 40 linatosha. Maswali manane ya moli ambayo hujawahi kuyafanya, pamoja na majibu yake. Unaweza kuyatoa kwenye mitihani ya miaka iliyopita au kwenye kitabu ambacho darasani kwenu hakitumiki. Saa au simu ya kuhesabia muda. Kalenda ya ukutani unayoweza kuiandikia. Na mtu wa kukutunzia maswali, awe dada, kaka, mama au jirani. Hahitaji kujua Kemia, anahitaji kuwa mgumu wa kukupa karatasi kabla ya siku yake.

Hatua kwa hatua

1. Andika "nimemaliza" maana yake nini, na uandike kabla ya kusoma.

Usiandike "kuielewa moli". Huwezi kupima kuelewa ukiwa umekaa peke yako mezani na kibatari au taa ya sola. Andika kazi ambazo mkono wako unatakiwa uzifanye. Kwa moli mimi huziandika nne:

- kugeuza gramu kuwa moli, na moli kuwa gramu;
- kugeuza moli kuwa ujazo wa gesi, kwa ile namba ya 22.4 dm³ katika hali sanifu ya joto na kanieneo;
- kutafuta ukolezi wa myeyusho kwa mol/dm³, au kiasi cha kitu cha kuyeyusha;
- kutumia mlinganyo uliosawazishwa kutafuta kiasi cha zao, au kiasi cha kitu kinachohitajika.

Ukishaandika, usiongeze ya tano baadaye. Kosa la kwanza ninaloliona kwa wanafunzi makini ni hili: wakikaribia kuvuka mstari, wanausogeza mbele. Leo ni kazi nne, kesho wanasema "lakini sijajua kwa nini namba ya Avogadro ikawa 6.02 × 10²³ na si nyingine". Swali hilo ni zuri, nami hulifurahia, ila halikuwa kwenye orodha. Liandike nyuma ya daftari, utalirudia likizo ya Desemba.

2. Tenga maswali ya kujipimia kabla ya kuanza mazoezi.

Mawili kwa kila kazi, jumla manane. Yaandike kwenye karatasi bila majibu, umpe yule mtu. Ukisubiri hadi umalize kusoma utakuta maswali yote umeshayatumia, na swali ulilolifanya juzi halikupimi tena. Unakuwa unakumbuka kwamba jibu lilikuwa 14, si kwamba unajua njia ya kufika 14.

3. Soma, fanya mazoezi yako ya kawaida, kisha ondoka ulale usiku mbili.

Usijipime siku uliyosoma. Jioni ile ile kila kitu kiko karibu na mdomo, na unajiona umeiva kumbe ni joto la kusoma tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walitoa utafiti ambapo wanafunzi walisoma habari fupi. Kundi moja liliisoma tena na tena. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja tu, kisha likafunika karatasi na kuandika linachokumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na wale wa kujipima asilimia 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka. Nadharia yangu yote kwenye mwongozo huu inaishia hapo.

Siku hizo mbili za kusubiri usikae bure. Anza mada nyingine. Hapo ndipo utagundua kwamba kusonga mbele hakuhitaji ruhusa ya moyo.

4. Jipime bila daftari, na kwa kila jibu andika herufi moja.

Chukua karatasi yako, funga kila kitu, weka dakika 50. Uzito wa atomi uwe nao pembeni, kwa kuwa hata kwenye mtihani kwa kawaida hutolewa. Ukimaliza swali, kabla ya kwenda linalofuata, andika pembeni herufi moja kati ya hizi:

H — nina hakika.
N — nahisi ni sahihi, ila nina shaka.
B — nimebahatisha.

Nakuomba usiiruke hatua hii, maana ndiyo moyo wa kazi yote. Herufi lazima iandikwe kabla ya kuona majibu. Ukiiandika baada ya kusahihisha, kila ulichopata utasema ulikuwa na hakika, na kila ulichokosa utasema ulikuwa na shaka.

5. Sahihisha, kisha soma herufi pamoja na alama.

Sasa unaangalia vitu viwili kwa pamoja. H na sahihi: hapo pamekwisha. N na sahihi, tena mara mbili kwenye kazi ile ile: shaka yako haina msingi, mkono unajua hata kama moyo unakataa. N na kosa: shaka ilikuambia ukweli, na unajua pa kurekebisha. H na kosa ndiyo hatari kubwa. Pale ambapo hukuwa na wasiwasi wowote ndipo palipo na shimo, na bila kipimo usingepatazama kamwe.

Nimeona jambo hili mara nyingi mno: shaka inakaa mahali pamoja, shimo liko mahali pengine. Ndiyo maana nasema shaka peke yake isikuzuie kuvuka, na utulivu peke yake usikuvushe.

6. Tofautisha kosa la mkono na kosa la mzizi.

Kosa la mkono ni lile ambalo njia ni sahihi lakini umeandika 0.5 badala ya 0.05, au umesahau kugawa kwa 1000. Kosa la mzizi ni pale njia yenyewe ilipopinda. Namna ya kutofautisha: funika jibu, fanya tena swali lile lile polepole. Ukilipata bila msaada, lilikuwa la mkono. Ukirudia kosa lile lile kwa ujasiri ule ule, ni la mzizi.

7. Amua kwa kanuni, na uikubali.

Kanuni ninayoitumia kwa moli ni hii: sita au zaidi kati ya manane, kila kazi ipate angalau moja sahihi, na kusiwe na kosa la mzizi. Ukitimiza yote, vuka leo hii. Ukipata sita au saba lakini kuna kosa moja la mzizi, rekebisha hilo moja tu, usirudi mwanzo wa mada. Ukipata tano au pungufu, bado, na utarudia mzunguko na maswali mengine manane.

Sita kati ya nane si kipimo cha mada zote. Moli ni msingi: titresheni yote imejengwa juu yake, kwa hiyo naikazia kwa kukataa kosa lolote la mzizi. Kwa mada kama ugumu wa maji, ambayo haibebi nyingine nyingi mgongoni, mimi huridhika na zaidi ya nusu na kuendelea.

8. Shaka iliyobaki iandike iwe swali.

Umevuka, bado kitu kinakuuma. Kaa chini ujaribu kukiandika kama swali la mtihani, lenye namba ndani yake. Mfano: "Itakuwaje kama mlinganyo unataka moli 2 za huku kwa moli 1 ya kule?" Hiyo ni shaka yenye jina. Ipe dakika 20, tafuta swali moja la aina hiyo, lifanye. Lakini kama unachoweza kuandika ni "sijisikii vizuri na moli", hakuna cha kurekebisha hapo. Ni kama ukungu wa milima ya Uporoto asubuhi: huwezi kuupiga jembe. Andika tarehe, funga daftari, endelea.

9. Weka siku ya kurudi kwenye kalenda.

Siku saba baadaye maswali matatu, na mwezi mmoja baadaye mengine matatu. Dakika 20 kila mara, si zaidi. Kuandika tarehe hizo kunasaidia sana wale wenye hofu, kwa kuwa hawaiachi mada moja kwa moja, wanaiaga tu hadi siku fulani.

Mfano mmoja, swali kwa swali

Mwanafunzi mmoja wa upande wa Uyole alikuja kwangu mwezi wa saba. Alikuwa ameganda kwenye moli kwa wiki nne. Alichokisema ni hiki: "Mwalimu, hesabu napata, ila moli yenyewe ni nini hasa, sijui." Tukampa maswali manane. Akapata sita.

Kwenye kugeuza gramu kuwa moli aliandika N mara mbili, na yote mawili yalikuwa sahihi. Shaka yake iliyomlaza macho wiki nne ilikuwa hapo, na hapo palikuwa pazima.

Kosa la kwanza lilikuwa swali la myeyusho: gramu ngapi za NaOH zinahitajika kutengeneza 250 cm³ za myeyusho wa 0.2 mol/dm³? Aliandika 20 g. Aligeuza 250 cm³ kuwa 2.5 dm³ badala ya 0.25. Nilipomwambia alifanye tena polepole, alipata 0.25 × 0.2 = 0.05 mol, mara 40, sawa na 2 g. Kosa la mkono. Tukalipita.

Kisha milinganyo. Swali la kwanza lilikuwa la chokaa, mawe yale yale ya Songwe yanayochimbwa kwa ajili ya saruji. Ukichoma 25 g za CaCO3 hadi ziishe kubadilika, utapata gramu ngapi za CaO?

```
CaCO3 → CaO + CO2
25 ÷ 100 = 0.25 mol
CaO: 0.25 × 56 = 14 g
```

Akaandika 14 g, na H. Sahihi. Nikamwonyesha namna ya kujihakiki bila kuangalia majibu: CO2 iliyotoka ni 0.25 × 44 = 11 g, na 14 + 11 inarudi 25. Uzito haupotei. Ukaguzi huu utumie kila unapoweza, ila ujue haukusaidii kwenye ujazo wa gesi wala kwenye ukolezi.

Swali la pili: gramu ngapi za CaCO3 zitamalizana kabisa na 50 cm³ za HCl ya 2 mol/dm³?

```
CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2
HCl: 0.05 × 2 = 0.1 mol
```

Hapo alifanya vizuri. Kisha akazidisha 0.1 kwa 100 na kuandika 10 g, na pembeni H kubwa, ameikoleza kwa kalamu. Jibu ni 5 g. Mlinganyo unasema HCl mbili kwa CaCO3 moja, kwa hiyo moli 0.1 za HCl zinahitaji 0.05 za CaCO3. Nikamwambia arudie. Akarudia, akapata 10 tena. Mzizi.

Sababu ilionekana tulipofungua daftari lake la mazoezi. Karibu maswali yote ya milinganyo aliyokuwa akiyafanya kwa wiki nne yalikuwa ya moja kwa moja. Alikuwa amejifunza kwamba moli za huku ni sawa na moli za kule, na kila swali lilimthibitishia. Wiki nne nyingine za maswali yale yale zingeongeza H yake tu.

Dawa ilikuwa saa moja. Nilimweleza kusoma namba zilizo mbele ya kila kitu kwenye mlinganyo kabla ya kugusa hesabu, kisha akalala, na kesho yake nikampa matatu:

```
2Mg + O2 → 2MgO
N2 + 3H2 → 2NH3
2NaOH + H2SO4 → Na2SO4 + 2H2O
```

La kwanza: 4.8 g za Mg zinahitaji ujazo gani wa O2 katika hali sanifu? Moli 0.2 za Mg, kwa hiyo 0.1 za O2, yaani 2.24 dm³. La pili: moli 0.3 za H2 zitatoa gramu ngapi za NH3? Moli 0.2, mara 17, sawa na 3.4 g. La tatu: moli ngapi za H2SO4 zitamalizana na 100 cm³ za NaOH ya 1 mol/dm³? Ni 0.05. Akapata yote. Siku hiyo hiyo akafungua titresheni, huku bado akisema hajui moli ni nini hasa. Nikamwambia aliandike nyuma ya daftari.

Ukikwama

*Nimevuka, lakini kwenye titresheni nimesahau kanuni ya ukolezi.* Hilo ni la kawaida na si dalili kwamba ulivuka mapema. Rudi kwenye kazi hiyo moja, maswali mawili, kisha urejee ulipokuwa. Usifungue mada nzima.

*Nimeshindwa mara mbili mfululizo.* Usisome moli mara ya tatu. Shimo huwa liko chini yake. Chukua milinganyo mitano ambayo haijasawazishwa uisawazishe, na hesabu tano za desimali kama 0.25 × 0.2 bila kikokotoo. Mahali utakapokwama ndipo pa kufanyia kazi, na mara nyingi ni hesabu za kidato cha kwanza.

*Maswali mapya yameniishia.* Badilisha kitu, usibadilishe namba tu. Badala ya CaCO3 weka MgCO3, ambayo moli yake moja ni 84 g. Badala ya kutafuta zao, toa zao utafute kilichochomwa: ili upate 28 g za CaO, ulichoma CaCO3 kiasi gani? Jibu ni 50 g, na ukaguzi wa uzito utakuonyesha: 28 + 22.

*Tunasoma kikundi, na kikundi kinasema tumeiva.* Katika kikundi mmoja hueleza na wengine huitikia. Kuitikia kunafanana sana na kujua. Karatasi ya kujipimia kila mtu aifanye peke yake, kona yake, ndipo mlinganishe herufi zenu. Mkikuta nyote mmeandika H kwenye kosa moja, mpelekeeni mwalimu hilo kwanza.

*Majibu yangu yote ni N, hata niliyopata.* Fanya mzunguko mmoja zaidi wa maswali manane baada ya siku saba. Ukipata sita au zaidi tena bila kosa la mzizi, acha kabisa kutumia herufi kwenye mada hiyo. Wapo watu ambao moyo wao hauandiki H kamwe, na nimewafundisha kadhaa. Kwao alama ndizo zinaamua, herufi hapana.

*Zimebaki wiki tatu mtihani ufike.* Punguza maswali yawe manne, moja kwa kila kazi, na usubiri usiku mmoja badala ya miwili. Ukipata matatu, vuka. Mada ambayo hujaifungua kabisa itakupa alama nyingi kwa saa moja kuliko moli kwa mara ya tano. Kwa upande wa vitendo maabara, hasa kusoma bureti na kuacha tone la mwisho rangi inapogeuka, karatasi hizi hazipimi chochote. Hapo inabidi ukashike vyombo vyenyewe.